Kutunza mifuko ya saruji eneo la ujenzi: nguvu hupotea kabla mabonge hayajaonekana

Mafundi wengi hupima uzima wa saruji kwa kutazama mabonge. Mfuko ukibonyezwa ukawa laini unafunguliwa na kutumika. Ukiwa mgumu unawekwa kando. Lakini kati ya mfuko laini na mfuko mgumu zipo wiki nyingi ambazo saruji inamiminika vizuri, rangi haijabadilika, hakuna bonge hata moja, na huku sehemu ya nguvu yake imeshakwenda. Nyufa za mapema, lipu inayotoa vumbi na slabu isiyofikia nguvu iliyokusudiwa mara nyingi hutokana na saruji ya wiki hizo, kwa sababu ile iliyokwisha ganda kila mtu anaiona na kuikataa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kile kinachotokea ndani ya mfuko. Ukikielewa, sheria za stoo zinajieleza zenyewe, na utajua ipi ya kushika kwa nguvu zote na ipi unaweza kuilegeza kidogo kulingana na eneo lako.

Kinachotokea ndani ya mfuko uliofungwa

Saruji haikomai kwa kukauka. Inakomaa kwa kuungana na maji, ndiyo maana zege lililozamishwa majini linaendelea kupata nguvu. Muungano huo haungoji umwagie ndoo. Mvuke uliomo hewani unatosha kuuanzisha, polepole, juu ya uso wa kila chembe.

Chembe zenyewe ni ndogo mno. Ukikusanya nyuso zote za chembe zilizo katika kilo 1 ya saruji ya kawaida, unapata eneo la takriban mita za mraba 300 hadi 400, na eneo lote hilo linaweza kupokea mvuke. Mvuke ukifika, chembe inavikwa utando mwembamba wa saruji iliyokwisha kuungana na maji. Wakati huohuo gesi ya kaboni iliyomo hewani inakula chokaa iliyo juu ya chembe. Huoni chochote kwa macho, lakini mambo mawili yameharibika.

La kwanza, chembe ndogo kuliko zote zimetumika hadi ndani. Hizo ndizo zinazolipa zege nguvu ya siku za mwanzo, na sasa zimebaki unga usio na kazi. La pili, chembe kubwa zimebaki na kiini kizima, ila utando ulio juu yake unachelewesha maji kukifikia siku ya kuchanganya. Ndiyo sababu saruji iliyoingia unyevu inachelewa kushika, na upungufu wa nguvu unaonekana zaidi katika siku 2, 3 na 7 kuliko katika siku 28. Jambo hili lina hatari yake. Fundi anayetoa mirunda ya slabu kwa kufuata siku alizozoea anaitoa wakati zege lake bado ni changa kuliko anavyodhani.

Mabonge huja baadaye, pale tando za chembe jirani zinapokutana na kushikana. Ukiona bonge gumu, jua kwamba unga ulio pembeni yake ulianza kuharibika siku nyingi nyuma.

Vitabu vya ujenzi hutoa makisio ya upungufu kwa saruji ya mifuko iliyohifadhiwa stoo ya kawaida: karibu asilimia 20 baada ya miezi 3, asilimia 30 baada ya miezi 6, asilimia 40 baada ya mwaka. Yachukue kama makisio tu. Katika stoo kavu iliyofungwa vizuri upungufu unaweza kuwa mdogo sana kwa miezi 3, na katika kibanda kinachovuja saruji inaweza kufa ndani ya wiki chache. Saruji iliyosagwa laini zaidi, kama ile ya daraja la 42.5R, huzeeka haraka kuliko ya 32.5, kwa sababu ina uso mwingi zaidi wa kupokea mvuke.

Namba hizo za daraja zina maana inayohusiana moja kwa moja na utunzaji. 42.5 ni kiwango cha chini cha nguvu, kwa newtoni kwa kila milimita ya mraba, ambacho sampuli ya maabara inatakiwa kufikia kwa siku 28. Kiwanda kilipima saruji ikiwa mbichi. Namba iliyochapwa kwenye mfuko haishuki pamoja na saruji iliyomo ndani.

Na mfuko wenyewe hauzuii hewa. Ule wa karatasi za tabaka na ule wa plastiki iliyofumwa yote huachwa ikiwa na njia ndogo za kutolea hewa, la sivyo ingepasuka wakati wa kujazwa kiwandani. Njia hizo zinazotoa hewa ndizo mvuke unazoingilia.

Hatua ya 1: Agiza kwa kadiri ya kazi

Muda wa kawaida wa kuitumia saruji ya mifuko ni miezi 3 tangu siku ya kufungashwa, ikiwa imekaa pakavu. Kiwango cha Kimarekani ASTM C150, kwa mfano, kinaruhusu saruji ya mifuko iliyokaa kwa muuzaji zaidi ya miezi 3 baada ya kupimwa ipimwe upya kabla ya kutumika. Lakini miezi hiyo inahesabiwa kutoka kiwandani. Mfuko uliokaa wiki 7 kwa muuzaji unakufikia ukiwa umebakiwa na wiki 5 au 6.

Agiza saruji ya kazi ya wiki 2 hadi 4, kisha agiza nyingine. Kununua yote kwa mkupuo kunafaa pale tu usafiri ni mgumu kweli na stoo yako ni imara kweli. Kama kuna msimu wa mvua unaosimamisha kazi, hakikisha unaukuta ukiwa na mifuko michache iwezekanavyo.

Hatua ya 2: Tengeneza chumba kabla lori halijafika

Unyevu unaingia kwa njia tatu: chini, pembeni na hewani. Paa linalovuja silisemei mengi, kila mtu analijua. Mwaga maji juu ya bati au subiri mvua moja kabla ya kuingiza mifuko, uone kama kuna tone linaloshuka.

Chini ndiko kunakosahaulika. Udongo hutoa mvuke mchana na usiku, hata unapoonekana mkavu. Sakafu ya zege nayo hupandisha unyevu, hasa iliyomwagwa karibuni, kwa kuwa maji ya ziada yaliyochanganywa humo yanaendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Tandika nailoni nzito sakafuni, panga matofali juu yake, kisha weka mbao au paleti ili mifuko ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka chini. Mbao zikaribiane vya kutosha. Zikiachana sana, mfuko wa chini unabonyea katikati na kupasuka.

Pembeni, acha nafasi ya sentimita 30 hadi 60 kati ya mifuko na ukuta. Ukuta hunyonya mvua upande wa nje na kuupitisha unyevu polepole, na usiku unapopoa mvuke huganda juu yake kuwa matone. Nafasi hiyo inakupa pia njia ya kupita kukagua.

Kuhusu hewa, hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ushauri unaotolewa mara nyingi ni wa kinyume. Utasikia kwamba stoo ya saruji iachwe madirisha wazi ili mifuko ipate hewa. Mazao ya shamba ndiyo yanayohitaji hivyo, kwani yenyewe yana unyevu unaopaswa kutoka. Saruji haina unyevu wa kutoa. Ina uwezo wa kupokea tu.

Fanya hesabu. Chumba cha mita 4.5 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.4, kina hewa ya takriban mita za ujazo 32. Kwenye joto la nyuzi 30, kila mita ya ujazo ya hewa iliyojaa mvuke inabeba gramu 30 hivi za maji. Hewa hiyo ikiwa na unyevu wa asilimia 80, chumba kizima kina gramu 780 hivi. Ukifunga mlango na madirisha, hata saruji ikinyonya yote hayo, ni gramu 780 kugawana mifuko 120, yaani gramu 6 au 7 kwa mfuko. Ukiacha madirisha wazi, hewa ile inabadilishwa mara nyingi kila siku, na kila mara inaingia na shehena mpya ya maji. Kwa hiyo ziba matundu chini ya bati, funga madirisha, na mlango ufunguliwe wakati wa kuingiza na kutoa tu.

Hatua ya 3: Pokea kwa macho na kwa mkono

Kabla ya kushusha, tazama kitanda cha lori. Kikiwa na maji au alama za maji, mifuko ya tabaka la chini ikaguliwe mmoja mmoja. Kisha soma tarehe ya kufungashwa. Viwanda vingine huchapa tarehe kamili, vingine namba ya wiki na mwaka. Pasipo tarehe inayosomeka, muulize muuzaji, na asipokuwa na jibu chukulia kwamba mfuko ni mzee.

Bonyeza pembe za mfuko, maana pembe ndiyo inayotangulia kuganda. Mfuko wenye pembe ngumu, doa la maji, au mpasuko uliozibwa kwa gundi usipokelewe. Mkatalie muuzaji hapo hapo, lori likiwa bado limesimama, kwa kuwa baada ya kuingia stooni hakuna atakayekubali kwamba ulikuja hivyo.

Sasa chagua mifuko 3 au 4, ipime kwa mizani nzuri, uandike uzito na tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila mmoja. Hii ni mifuko yako ya ushahidi. Iweke mahali utakapoifikia bila kubomoa rundo, na uipime tena kila baada ya wiki 2. Maji yaliyoungana na saruji yana uzito. Mfuko wa kilo 50 ulioongezeka nusu kilo umeshapokea maji ya asilimia 1 ya uzito wake, na stoo yako ina tatizo ambalo jicho halijalitambua. Uzito usipobadilika, una sababu ya kweli ya kuiamini stoo. Angalia tu kwamba mizani ni ileile na inasoma sawasawa.

Mifuko mingine yote andika tarehe ya kupokelewa upande unaotazama njia.

Hatua ya 4: Panga ili iliyotangulia kuingia itangulie kutoka

Mifuko ikaribiane, ubavu kwa ubavu, bila mapengo. Rundo lililobanana linaacha uso mdogo wa kuguswa na hewa, na mifuko ya katikati inalindwa na ya pembeni. Nafasi inaachwa kati ya rundo na ukuta, si kati ya mfuko na mfuko.

Kimo kisizidi mifuko 10. Zaidi ya hapo mambo mawili hutokea: mfuko wa chini unagandamizwa hadi unga wake unashikana, na rundo linakuwa hatari kwa anayelisogelea. Likizidi mifuko 8, lipange kwa kupishana, safu moja mifuko ilazwe kwa urefu na inayofuata kwa upana, ili zishikane kama kozi za matofali. Upana wa rundo usizidi mifuko 4, la sivyo ya katikati itabaki humo hadi mwisho wa ujenzi.

Kwa mifuko 120 hesabu iko hivi. Mfuko uliolala ni takriban sentimita 70 kwa 45. Ukipanga 10 kwenda juu unahitaji nafasi za mifuko 12 sakafuni, ambazo tunazigawa katika marundo mawili, kila moja mifuko 2 kwa 3. Rundo moja linakuwa karibu mita 1.4 kwa 1.35. Weka njia ya sentimita 60 katikati ya marundo, na sentimita 45 kutoka kila ukuta. Urefu unatimia mita 4.3, na upana mita 2.25, kisha inabaki nafasi ya kuingilia mlangoni. Chumba cha mita 4.5 kwa 3 kinatosha bila kubanana.

Sababu ya marundo mawili ni mzunguko. Shehena ya kwanza inakaa rundo la kushoto na kutumika hadi iishe, shehena ya pili inakaa kulia. Ukiwa na rundo moja kubwa, vijana watakaobeba wataiweka mipya juu ya ile ya zamani na kuchukua ya juu, na mifuko ya chini itazeeka hapo ilipo. Hakuna maelekezo ya mdomo yanayoshinda jambo hilo. Mpangilio wa rundo ndio unaolishinda.

Mwisho, funika rundo zima kwa nailoni hata kama liko ndani ya chumba, na ncha zake zishuke hadi chini ya mbao.

Pasipo chumba

Turubai nje ni suluhisho la siku chache, labda wiki moja. Inua jukwaa juu zaidi, sentimita 30 hivi, chimba mfereji mdogo kulizunguka, tandika nailoni juu ya mbao, panga mifuko isizidi 5 kwenda juu, kisha ikunje nailoni ileile juu ya mifuko kama bahasha. Juu yake simamisha turubai kwa miti ili liwe na mteremko na lisiguse mifuko. Turubai lililolazwa moja kwa moja juu ya mifuko hupoa usiku, mvuke uliofungiwa chini yake huganda kuwa matone upande wa ndani, na mifuko inalowa usiku usio na tone la mvua. Anayeinua turubai asubuhi na kukuta unyevu kwa ndani huwa anadhani limetoboka.

Hatua ya 5: Kutoa mifuko

Toa ya kazi ya siku ile tu. Mfuko uliofunguliwa uishe siku hiyohiyo. Uliobaki nusu ukunje mdomo, uuweke ndani ya mfuko wa nailoni ulio mzima na kuufunga, uwe wa kwanza kesho asubuhi. Mifuko isishushwe kwenye udongo karibu na mahali pa kuchanganyia. Ubao mmoja unatosha.

Hatua ya 6: Tofautisha bonge na bonge

Kuna mabonge ya namna mbili, na kuyachanganya kunapoteza ama fedha ama usalama.

La kwanza ni bonge la kugandamizwa. Linatokea mifuko ya chini, mfuko wote unakuwa kama umekaza. Ulaze sakafuni safi, uubiringishe mara kadhaa, uugeuze. Ukilegea ukarudi kuwa unga, na vipande vilivyobaki vikivunjika kwa kuminywa kati ya kidole gumba na cha shahada bila kutumia nguvu, hapo hakuna tatizo la unyevu. Vaa glavu unapofanya hivyo, kwani saruji huunguza ngozi.

La pili ni bonge la unyevu. Halivunjiki kwa vidole, au linavunjika kuwa punje ngumu badala ya unga. Mara nyingi linaanza kwenye pembe, kwenye mshono, au upande mmoja wa mfuko kama ganda linalofuata umbo la karatasi. Mahali lilipo panakueleza unyevu ulitoka wapi. Ganda chini ya mifuko ya safu ya kwanza linamaanisha sakafu. Ganda upande unaotazama ukuta linamaanisha ukuta. Mifuko ya juu pekee, paa au matone ya turubai. Ganda jembamba pande zote za mifuko yote ni hewa. Rekebisha chanzo hicho kabla ya kushughulikia mifuko, maana iliyobaki inaendelea kuharibika unapofikiria.

Zipo njia za kienyeji zinazosifiwa sana: kuingiza mkono kwenye mfuko kuona kama kuna ubaridi, na kutupa unga kidogo majini kuona kama unaelea kwanza. Sizitegemei. Ubaridi hubadilika na hali ya hewa ya siku ile, na unga uliopoteza theluthi ya nguvu unaweza kuelea vilevile.

Kuchekecha nako kuna mpaka wake. Chekeche linaondoa bonge, haliondoi utando ulio juu ya chembe zilizopita. Na kuliponda bonge gumu kwa nyundo, kisha kulirudisha kwenye mchanganyiko, ni sawa na kuongeza vumbi la mawe mahali pa saruji. Kilichokwisha kuungana na maji hakirudi nyuma.

Hatua ya 7: Pima, kisha amua

Kipimo cha kwanza kinafanyika hapohapo eneo la kazi. Chukua gramu 300 za saruji unayoishuku na gramu 90 za maji safi, changanya hadi uji uwe laini, utengeneze andazi bapa la upana wa sentimita 8 hivi juu ya kioo, kingo zake ziwe nyembamba. Tengeneza la pili kwa saruji mpya ya aina na daraja lilelile. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu bila kitambaa kuyagusa, uyaweke kivulini. Saruji nzima huanza kushika baada ya saa 1 hadi 3 hivi na kushika kabisa ndani ya saa 10. Bonyeza kwa ukucha kila nusu saa, andika muda ambao alama haiingii tena. Kesho yake kwaruza yote mawili. Andazi la saruji iliyochoka linachelewa waziwazi na linatoa unga likikwaruzwa.

Kipimo hiki kinakuambia kwamba kuna tatizo. Hakikuambii nguvu imebaki kiasi gani. Hilo linajibiwa na vipande vya zege vyenye umbo la mchemraba wa sentimita 15, vikivunjwa maabara.

Tuchukue mfano. Eneo moja limesimama kwa sababu ya mvua, na kazi inaporudi kuna mifuko 60 yenye umri wa miezi 4. Inapaswa kutumika kwenye slabu ambayo mhandisi ameitaka ifikie newtoni 20 kwa milimita ya mraba kwa siku 28. Mifuko inabiringishwa na kubonyezwa mmoja mmoja. 9, yote ya upande wa ukuta, imeganda. 17 ina mabonge ya unyevu hapa na pale, mengi kwenye pembe. 34 ni laini kabisa, na hii 34 ndiyo ambayo watu wangeimwaga kwenye slabu bila kuuliza.

Inachukuliwa sampuli kutoka mifuko 6 kati ya ile 34, inachanganywa pamoja. Kunatengenezwa zege mbili kwa mchanga uleule, kokoto zilezile na maji yaleyale kwa kipimo: moja kwa saruji hiyo, nyingine kwa saruji mpya. Kila zege vipande 6, 3 vya siku 7 na 3 vya siku 28, vyote vinakaa majini. Tuseme siku ya 7 zege la saruji mpya linatoa wastani wa 16 na la saruji ya zamani 11.5. Uwiano ni asilimia 72. Siku ya 28 yanatoka 24 na 18.5, asilimia 77. Pengo limepungua kidogo, kama tulivyotarajia kwa saruji iliyofunikwa na utando, lakini 18.5 haifikii 20 iliyotakiwa. Ile mifuko 34 isiyo na bonge hata moja haiingii kwenye slabu. Jibu la siku ya 7 lenyewe lilitosha kuizuia bila kungoja siku 28.

Hapo huwa linakuja wazo la kuongeza saruji, mfuko 1 na robo badala ya mfuko 1. Siliungi mkono kwa kazi ya kubeba mzigo. Sampuli ni wastani wa mifuko 6, na mifuko haikuharibika sawa: mmoja unaweza kuwa umebakiwa na asilimia 90, jirani yake 60. Ukiongeza robo kila mahali unapata zege lenye nguvu hapa na dhaifu pale, na boriti huvunjika pale palipo dhaifu.

Mifuko inagawanywa hivi. Ile 34 inakwenda kujenga kuta za ndani zisizobeba mzigo, na kwenye zege jepesi la kusawazisha chini ya sakafu, kwa kukubali kwamba kazi itachelewa kushika na inahitaji kumwagiliwa siku zaidi. Ile 17 inachekechwa siku ya kutumika, si kabla, na unga wake unatumika kulazia vigae vya njia za nje au kujazia mashimo. Mabonge yake pamoja na ile mifuko 9 iliyoganda yanavunjwa na kuwa kifusi cha kujazia. Hakuna mfuko hata mmoja wa makundi haya unaoingia kwenye nguzo, linta, boriti, slabu au tangi la maji, na ili mtu wa zamu nyingine asikosee, kila kundi linapigwa rangi yake na kuhamishwa kabisa kutoka chumba cha saruji mpya.

Kwa slabu inaagizwa saruji yenye umri usiozidi wiki chache, ije asubuhi ya siku iliyotangulia kumwaga. Ikiwa kwa sababu yoyote sehemu ya zege imeshamwagwa kwa saruji ya zamani kabla ya vipimo, mirunda yake isiondolewe kwa kalenda. Ibaki hadi vipande vilivyokaa mahali pamoja na slabu hiyo vivunjwe na mhandisi aridhike na namba.